Kabla hujalipia simu, ulizia kioo chake Ngamiani

Juzi msomaji wa Muheza kaniandikia: "Dada, nimepata simu iliyotumika kutoka Dubai, kioo kimeundwa kikiwa kimepinda pembeni, laki sita. Niichukue?" Nikacheka, kisha nikanuna, maana mimi yalishanikuta.

Yangu niliinunua 620,000, kioo bapa cha aina ya amoledi. Ikaanguka mara moja tu, Raskazone hapa Tanga, kwenye ngazi za kushukia majini. Kioo kikavuja wino mweusi. Fundi wa Ngamiani akasoma namba ya modeli, akatikisa kichwa: "Dada, toleo hili ni adimu hapa kwetu. Orijino nikuagizie Kariakoo, 290,000 na fremu yake. Kopi ninayo, 95,000."

Nikachukua kopi. Nani atoe karibu nusu ya bei ya simu? Wiki nzima nikajisifu kwa ujanja wangu, mpaka nilipochoka kuandika namba ya siri kila dakika, kwa sababu alama ya kidole ilikuwa imekufa. Nikarudi nikimfokea fundi, na nakiri nilimwonea. Akanieleza taratibu: kwenye amoledi kila nukta hujiwakia yenyewe, na kwenye simu kama yangu kihisi cha kidole hukaa nyuma ya kioo kikichungulia kupitia nafasi za katikati ya nukta. Kopi ile ilikuwa kioo cha aina nyingine, elsidi. Mgongoni ina tabaka la taa linalowasha kioo kizima, na tabaka hilo ndilo lililokiziba kihisi. Hata ningeifuta simu yote na kuianza upya, kidole kisingesoma.

Ndiyo maana nawaambia: anza na fundi, umalizie dukani. Ingia "Kuhusu simu", nakili namba ya modeli yenyewe, maana jina la biashara moja hubeba matoleo tofauti na vioo visivyoingiliana. Muulize orijino bei gani, kopi bei gani, na iko wapi sasa hivi. Bei ya orijino ikizidi theluthi ya bei ya simu, mimi simu hiyo siichukui, ing'ae vipi.

Simu iliyotumika ina mtego mwingine: huenda imeshabadilishwa kioo. Ingia chumba cha giza, fungua picha nyeusi tupu, pandisha mwanga mpaka mwisho. Amoledi itapotelea gizani. Ukiona ukungu wa kijivu, hiyo ni elsidi, hata muuzaji aape vipi.

Huyu wa Muheza nimemjibu aiache. Kioo cha elsidi hakikunjiki kama amoledi, kwa hiyo kwenye simu ya kioo kilichopinda hata kopi ya rahisi kama yangu ni shida kuipata.

Siku hizi natumia simu ya elsidi, alama ya kidole iko ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Wenye macho wananicheka. Mwezi uliopita ikavunjika: kioo 45,000, kilikuwa kabatini kwa fundi. Nilikaa barazani kwa muuza kahawa, na kashata yangu ya pili sijaimaliza nikaitwa kuchukua simu.