Kulainisha mikunjo na mifuko ya macho kwenye picha ya mzazi, abaki yeye

*Kaka, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 76 na nasafisha picha yake tuitundike sebuleni. Nikipitisha Healing Brush ya Photoshop kwenye mikunjo na mifuko ya macho, vyote vinafutika, na wadogo zangu wanasema huyu si mama. Nimetafuta Opacity ya brashi hiyo niipunguze, siioni. Nifanyeje?*

Salama, ndugu yangu. Huioni kwa sababu haipo. Clone Stamp ina Opacity kwenye upau wa juu, lakini Healing Brush haina. Nguvu yake inapunguzwa kwenye leya: unaponya kwenye leya tupu iliyo juu ya picha, kisha unashusha Opacity ya leya hiyo mpaka mkunjo wa asili urudi kwa kiasi unachotaka.

Fungua leya mpya kwa Ctrl+Shift+N, chagua Healing Brush, na kwenye Sample weka Current & Below. Ukiiacha kwenye Current Layer, brashi haitafanya kitu, maana leya ni tupu na haina ngozi ya kunakili. Brashi iwe pana kidogo kuliko mkunjo, na Hardness iwe juu, 80 hivi au zaidi. Zana hii huchanganya kingo yenyewe, kwa hiyo brashi laini huongeza ukungu na kula vinyweleo.

Fungua leya tatu: ya macho, ya paji, na ya mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Kila sehemu ina kiasi chake, na leya moja itakulazimisha kuzipunguza zote sawasawa.

Anza na macho, ndipo picha nyingi huharibikia. Mfuko wa jicho ni uvimbe: juu unapata mwanga, chini yake pana kivuli. Ukiufuta wote, chini ya jicho panakuwa bapa na jicho linaonekana kama limebandikwa. Ponya ukanda wa kivuli tu, ule wa chini, na uache mstari mwembamba ulio karibu na kope. Bonyeza Alt na uchukue ngozi iliyo chini tu ya kivuli. Usiende katikati ya shavu, maana vinyweleo vya huko ni vikubwa na vitaonekana vigeni chini ya jicho. Brashi ikigusa kope, itavuta weusi wake na kuacha doa la kijivu. Hapo zungushia kwanza eneo la ngozi kwa Lasso, ili brashi isivuke mpaka.

Sasa shusha Opacity ya leya hadi 0, kisha ipandishe polepole ukiutazama uso mzima, si jicho peke yake. Kwa umri wa mama, mimi huishia kati ya 35 na 45. Weusi ukibaki mzito, usiongeze uponyaji. Fungua leya nyingine, mode yake iwe Lighten, na upitishe Clone Stamp yenye Opacity 15, Sample yake nayo ikiwa Current & Below, mara moja au mbili. Lighten hugusa tu sehemu zilizo nyeusi kuliko ngozi unayonakili.

Paji linahitaji jicho la makini kwa ngozi zetu nyeusi, hasa mama akiwa amepigwa picha karibu na dirisha. Mkunjo mzito huonekana kwa vitu viwili: bonde jeusi na ukingo unaong'aa kando yake. Ukijaza bonde ukauacha ukingo, unabaki mstari mweupe unaofanana na kovu. Ponya vyote viwili kwa pamoja, kisha shusha leya hadi 40 hivi. Mikunjo ya mdomo iwe 25 au 30 tu, kwa kuwa ndiyo inayobeba tabasamu. Ile midogo inayotoka pembeni mwa macho akicheka mimi siigusi kabisa, wala kovu au alama ya kuzaliwa ambayo familia inaijua.

Kabla ya kuchapisha, bonyeza Ctrl+0 uone picha nzima, kisha zima na washa leya zote ulizoongeza kwa alama ya jicho. Ukizizima na uso ukaruka kama umebadilisha mtu, umezidisha. Tofauti inayofaa ni ile ya mtu aliyelala vizuri usiku. Tazama pia shingo na mikono. Paji laini juu ya shingo yenye mikunjo ya miaka 76 ndilo linalowafanya wadogo zako waseme si yeye, hata kama hawajui kueleza kwa nini.

Hifadhi kama PSD bila kuunganisha leya. Wakikuambia umepunguza mno, utashusha namba moja tu na kuchapisha upya.