Samansi haina haja ya mlango

Swali la wiki: "Mtu akihama na deni lako, je, ni halali kutafuta nyumba anakoishi?"

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa, na swali hili limenigusa pabaya. Wateja wangu wengi huchukua nguo kwa nusu ya pesa, na kwa miaka yote nimekuwa upande wa anayedai. Mwenye kula jasho la mtu anapata wapi haki ya kujificha? Nimekaa kuandika nikiwa na hasira hiyo hiyo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeshonesha sare za harusi ya mwanawe. Alilipa arubuni kwa M-Pesa, akabaki na deni la shilingi 38,000, harusi ikapita, naye akahama. Mwenye nyumba wake wa zamani alikuwa na nakala ya kitambulisho na namba za ndugu zake, lakini hakunipa. Alisema alipewa taarifa zile kwa ajili ya kodi ya nyumba, si kwa ajili yangu. Nilitoka pale nikimtukana moyoni.

Halafu akatokea kijana mmoja, akasema ana jamaa kwenye kampuni ya simu ambaye "atachungulia" usajili wa laini, nimtolee chai tu. Hapo ndipo wengi huponzwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inamhesabu mwenye kosa yule anayetoa taarifa hizo bila idhini, na vilevile anayezipata kwa njia hiyo. Adhabu inaweza kufika faini ya milioni 3 au kifungo cha miaka 10. Na hata ukipata, umepata nini? Laini nyingi zilisajiliwa zamani, na kitambulisho chetu cha miaka hiyo kilibeba wilaya, lokesheni na lokesheni ndogo ya nyumbani kwao, si chumba anachopanga leo. Ungeishia kumpigia hodi mama yake mzee kijijini.

Polisi nao waliniambia wazi kuwa deni ni la madai, si jinai. Chifu alikuwa tayari kumwandikia barua ya kumwita ofisini kwake, bila kunitajia anakokaa, ila mama mwenyewe alikuwa ameshatoka eneo lake.

Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Nikamlilia karani kwamba sina anwani. Akaniuliza: "Namba yake ya simu unayo, dada? Bado anaitumia?"

Kumbe tangu 2020 kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu samansi kupelekwa kwa WhatsApp au barua pepe, mradi iwe ni namba ya mwisho inayojulikana kuwa ni yake na anaitumia. Ujumbe wa M-Pesa wa ile arubuni ulionyesha jina lake na namba ile ile. Nikataka kuituma mwenyewe pale pale, nikakatazwa. Hutumwa na afisa aliyeidhinishwa, kisha anaapa hati ya kiapo na kuambatanisha ushahidi kwamba ujumbe umefika. Nilichungulia simu ya yule afisa. Alama ya tiki ilikuwa moja, ikakaa moja hadi alasiri, halafu zikawa mbili. Siku hiyo sikushona kitu.

Hakujibu, hakuja, hukumu ikatolewa bila yeye. Nakala ilipomfikia, alipiga simu mwenyewe kuomba alipe kidogo kidogo. Angekataa, ningeiomba mahakama imwite aeleze mali yake chini ya kiapo, au izuie pesa zake benki. Mpaka leo sijui anaishi wapi.

Simu ikiwa imezimwa kabisa, njia hii inakwama. Hapo unaomba samansi ibandikwe mahakamani na kwenye nyumba aliyojulikana kuishi mwisho, au itangazwe gazetini, na tangazo laweza kumeza deni dogo lote.

Kwa hiyo, kwa deni, naona mwenye nyumba yule alifanya sawa, ingawa bado sijampenda. Namba kama niliyokuwa nayo mimi, angeweza kuja nayo mume anayemsaka mke aliyemkimbia kwa kipigo, na maneno yake yangekuwa kama yangu: namdai, amehama. Mwenye nyumba atatutofautisha vipi?

Ila kwa baba anayekwepa matunzo ya mtoto sina msimamo huo. Huyo hubadilisha laini kila mwezi. Hapo ningetaka hakimu aiagize kampuni ya simu au mwajiri wake iseme aliko, na jibu liende kwa hakimu, si kwa mama wa mtoto wala kwa kaka zake.