Jumla ya miezi 12 iliyopita na jumla ya tangu Januari zinazojisasisha zenyewe kwenye Excel

"Natunza hesabu za nyumba ya wageni hapa Moshi. Kila mwezi ukiisha nahangaika kubadilisha fomula kwa mkono ili nipate jumla ya miezi 12 ya mwisho na jumla ya tangu Januari. Kuna namna ya kuzifanya zijibadilishe zenyewe?"

Ndugu, namna ipo, nami naitumia kwa hesabu za nyumba ya wageni iliyoko mjini humu humu. Msingi wake ni kwamba fomula isitaje masafa kama B2:B13, bali itafute tarehe. Weka data katika safu mbili tu, Mwezi na Kiasi, kisha bonyeza Ctrl+T ili ziwe jedwali rasmi, ulipe jina Mauzo. Ukiandika mwezi mpya kwenye mstari ulio chini kabisa ya jedwali bila kuruka mstari, jedwali litajitanua na fomula zote zitauona.

Katika F1 weka mwezi wa mwisho wenye hesabu:

```
=MAXIFS(Mauzo[Mwezi],Mauzo[Kiasi],"<>")
```

Fomula hii inahitaji Excel ya 2019 au ya baadaye. Nimeepuka MAX ya kawaida kwa sababu wengi wetu huandika miezi yote hadi Desemba mapema na kuacha kiasi wazi, na hapo MAX ingerukia Desemba na jumla ingepungua bila sababu. Mwezi ambao kweli hukuuza kitu uandikie 0, usiuache wazi.

Jumla ya miezi 12 ni hii:

```
=SUMIFS(Mauzo[Kiasi],Mauzo[Mwezi],">"&EDATE(F1,-12),Mauzo[Mwezi],"<="&F1)
```

Na ya tangu Januari:

```
=SUMIFS(Mauzo[Kiasi],Mauzo[Mwezi],">="&DATE(YEAR(F1),1,1),Mauzo[Mwezi],"<="&F1)
```

Kama mwaka wenu wa hesabu huanza Julai, kama ule wa serikali, weka DATE(YEAR(F1)-(MONTH(F1)<7),7,1) mahali pa DATE ile.

Angalia kwamba katika fomula ya miezi 12 alama ni ">" pekee. Ukiandika ">=" utapata miezi 13, na kosa hilo halionekani kwa macho kwa kuwa jumla hupanda kidogo tu. Kwa sababu hiyo hiyo kila mwezi uandikwe kwa tarehe 1, si tarehe ya mwisho. Anayetumia tarehe za mwisho, akifika 28/2/2025, EDATE humrudisha 28/2/2024, na kwa kuwa Februari ya 2024 iliishia tarehe 29, mwezi ule nao huingia kwenye hesabu. Mlinzi wangu ni seli moja pembeni, ambayo lazima isome 12 wakati wote:

```
=COUNTIFS(Mauzo[Mwezi],">"&EDATE(F1,-12),Mauzo[Mwezi],"<="&F1)
```

Ikisoma 11 ilhali miezi yote ipo, basi kuna tarehe iliyoingia kama maandishi, na SUMIFS huiruka kimyakimya. Utaitambua kwa kuegemea kushoto mwa seli, wakati tarehe halisi huegemea kulia. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani nayo husoma 01/04/2025 kama tarehe 4 Januari, kwa hiyo hakiki mpangilio huo kabla ya kuandika chochote.

Sasa kuhusu kuzisoma, maana hapa ndipo mabosi wanapokosea. Machi 2025 tuliingiza shilingi 7,800,000, na Aprili, mvua za masika zilipopunguza wapanda mlima, tukaingiza 2,600,000 tu. Mwenye nyumba alishtuka, lakini jumla ya miezi 12 ilishuka kutoka 96,400,000 hadi 95,900,000. Tofauti hiyo ya 500,000 ni Aprili 2025 iliyoingia ukitoa Aprili 2024 iliyotoka, ambayo ilikuwa 3,100,000. Jumla hii basi haikuambii mwezi mpya ulikuwa mzuri au mbaya, inakuambia umeuzidi au umepungukiwa na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, na masika hayaipotoshi kwa sababu yamo kila mara.

Jumla ya tangu Januari haina kinga hiyo. Peke yake hupanda tu, hivyo iweke kando ya miezi ile ile ya mwaka uliopita, kwa kuanzia DATE(YEAR(F1)-1,1,1) hadi EDATE(F1,-12). Kwetu ilikuwa 30,500,000 dhidi ya 29,700,000, yaani bado tulikuwa mbele.

Sikukuu zinazohama ndizo zinazozivuruga zote mbili. Pasaka ya 2024 ilikuwa Machi 31, ya 2025 ikawa Aprili 20, kwa hiyo wageni wa Pasaka walihamia Aprili. Aprili yetu ilipata sikukuu hiyo na bado ikapungukiwa, na ndiyo maana ile 500,000 niliichukulia kwa uzito kuliko ukubwa wake.