Bia mbili saa tatu usiku, macho makavu saa tisa

Kwa karibu miaka minne nilikuwa mtu wa bia mbili kabla ya kulala. Nimekula, watoto wameshalala, saa tatu usiku nafungua ya kwanza, na ya pili inaisha saa nne kasorobo. Nikigusa mto tu, nimekwenda. Nisipokunywa hugeuka geuka nusu saa nzima, kwa hiyo niliamini kabisa kwamba nimepata dawa ya usingizi.

Tabu ilikuwa saa tisa. Karibu kila usiku, saa hiyo, macho yanafunguka makavu, moyo unakwenda mbio, shingo imelowa jasho na kibofu kimejaa. Nikibahatika kurudi usingizini, ni ule wa mang'amung'amu wenye ndoto za kukimbizwa. Nililaumu joto la Dar, nikalaumu mbu, nikalaumu mawazo ya ada. Mke wangu ndiye aliyeliona: "Baba Neema, Kwaresima yote hukukoroma wala hukushtuka usiku. Pasaka imepita, umerudia bia, na kushtuka kumerudi."

Ni kweli pombe inaleta usingizi. Ubongo una kemikali za kutuliza na kemikali za kuchangamsha, na pombe huzipa nguvu zile za kutuliza huku ikizibana zile za kuchangamsha. Ndiyo maana nilikuwa nalala haraka, na saa za mwanzo nalala fofofo. Lakini ubongo haukubali kuegemezwa upande mmoja. Wakati pombe ingali mwilini, wenyewe unaongeza uchangamfu ili kurudisha mizani. Pombe ikiisha, ule uchangamfu wa ziada unabaki peke yake, hauna wa kuuzuia, na hapo ndipo mtu anaposhtuka.

Na saa ya kushtuka unaweza kuikadiria. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Mbili ni gramu 40. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 kwa saa, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu, na kahawa au kuoga maji baridi hakuliharakishi. Gawa 40 kwa 7, unapata karibu saa sita. Anza kuhesabu saa tatu usiku nilipofungua ya kwanza: unafika saa tisa. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, maana miaka yote ile nilidhani ni mbu.

Zile ndoto nazo zina sababu. Kwa kawaida usingizi wenye ndoto nyingi huongezeka kuelekea alfajiri, lakini hata mapema usiku huwa upo kidogo. Pombe huuminya huo wa mapema, na ikishaondoka ubongo hujaribu kuufidia kwa pupa, katikati ya kushtuka shtuka. Jasho na mapigo ya moyo ni sehemu ya uchangamfu uleule. Kibofu kinajaa kwa sababu pombe hupunguza homoni inayoziambia figo zibakishe maji. Kukoroma ni misuli ya koo iliyolegea kupita kiasi. Na kama mwenzako anakuambia unakoroma kisha pumzi inakata kwa muda, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, maana pombe huizidisha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuongeza chupa ya tatu. Mwili huzoea upesi ile nguvu ya pombe ya kusinzisha, hata ndani ya siku chache, kwa hiyo mbili zilianza kutonitosha. Lakini usiku wa manane uliendelea kuharibika vilevile. Hapo ndipo wengi wanaponasa. Wengine wanachanganya na vidonge vya usingizi, jambo linaloweza kuzima pumzi kabisa, tafadhali usilijaribu.

Nilianza kwa kuzisogeza. Bia zilezile mbili, ila pamoja na chakula, kuanzia saa kumi na moja jioni, ili saa tano usiku ziwe zimekwisha mwilini. Wiki ya kwanza nilishtuka usiku mara mbili tu. Baadaye nikaziacha siku za kazi. Usiku wa kwanza hadi wa tano nilichelewa sana kupata usingizi, na nusura nirudi kwenye friji. Wiki ya pili usingizi ulianza kuja wenyewe.

Kama wewe unakunywa nyingi kila siku, na ukikosa mikono inatetemeka asubuhi, usiache ghafla kwa kunifuata mimi. Kuacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege; nenda kituo cha afya upunguziwe chini ya uangalizi. Mimi zilikuwa mbili, mara nyingine tatu. Siku hizi ni Jumamosi tu, na jua likizama chupa imeshawekwa kando.