Bildi mpya imeshuka: upime moshi au utimamu?

Shikamoo mwalimu. Nina mwezi mmoja kwenye kazi ya kupima programu. Bildi, yaani toleo jipya la programu, ikishuka naambiwa nifanye jaribio la moshi, siku nyingine naambiwa la utimamu. Naona ni kubofya kulekule. Tofauti iko wapi?

Marahaba. Angalia swali ambalo kila jaribio linajibu. La moshi linauliza: hii bildi inapimika, au tuirudishe ilikotoka? La utimamu linauliza: kile kilichorekebishwa kimerekebishika kweli, na majirani zake wako salama?

Jina la moshi limetoka kwa mafundi wa vifaa vya umeme. Fundi akishaunga kifaa anakiwashia umeme kwanza, na kikitoa moshi anachomoa waya hapohapo. Hahangaiki kupima sauti wala picha. Nawe fanya hivyo kwa bildi: pita juujuu kwenye njia kuu zote, usizame popote. Programu inawaka? Mtumiaji anaingia? Salio linaonekana? Muamala mmoja wa kawaida unafika mwisho? Ukikwama kwenye mojawapo, simama na uirudishe bildi.

Utimamu ni kinyume chake. Unachagua eneo dogo lililoguswa na marekebisho, unazama humo, na kwingine kote unakuacha.

Tupe mfano wa kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Maelezo ya darasani nimeyasoma mengi.

Nitakupa kazi niliyoifanya mwenyewe, kwenye mfumo wa ushirika mmoja wa akiba na mikopo. Ada ya kutoa fedha ilikuwa shilingi 500 kwa kiasi kisichozidi 20,000, na 1,000 kuanzia 20,001 hadi 50,000. Wanachama wakalalamika kwamba anayetoa 20,000 kamili anakatwa 1,000. Msanidi alipochungulia akakuta alama moja tu ndiyo mkosaji:

```
if kiasi < 20000:    # ilivyokuwa
if kiasi <= 20000:   # ilivyotakiwa
```

Akarekebisha, tukaletewa bildi namba 214. Hatukukimbilia ada. Tulianza na moshi: kuhakikisha namba ya bildi kwenye seva ni 214 kweli, kuingia, kufungua salio, kuweka fedha, kutoa fedha, kutoka. Dakika nne, zote zikapita. Kutoa fedha kwenyewe tulitumia 10,000, kiasi kisicho na utata, kwa sababu hapo tulitaka kujua kama mlango unafunguka, si kama hesabu ya mpakani iko sawa.

Ndipo tukaingia kwenye utimamu. Akaunti ya majaribio ilikuwa na 100,000, na tuliirudisha hapo kabla ya kila jaribio. Tukatoa 20,000, salio likabaki 79,500, yaani ada ni 500. Vizuri. Tukajaribu 19,999 na 20,001, pande mbili za mpaka, nazo zikawa sawa. Kisha tukajaribu 50,000 na 50,001, mpaka unaofuata, kwa sababu unakaa kwenye kipande kilekile cha msimbo, na mtu anayerekebisha mstari mmoja huweza kugusa wa pili bila kukusudia. Huko pia salama.

Kilichobaki ni majirani: taarifa ya akaunti, ripoti ya karani, na ujumbe wa simu anaopokea mwanachama. Ujumbe ndio uliotukamata. Salio lilikuwa limekatwa 500, lakini ujumbe ukasema ada ni 1,000. Kumbe sehemu inayoandika ujumbe ilikuwa na nakala yake yenyewe ya kanuni ya ada, na hiyo hakuna aliyeigusa. Mwanachama angeusoma ujumbe ule na kuamini bado anaibiwa. Bildi 214 ikarudi kwa msanidi, ingawa moshi wake ulikuwa umepita bila doa.

Bildi iliyofuata mliipima moshi tena, au mlikwenda moja kwa moja kwenye ujumbe? Kwetu bosi anasema kurudia moshi kwa mstari mmoja uliobadilika ni kupoteza muda.

Tulirudia, na nitakuambia kwa nini nashikilia hili. Bildi 215 ilibadilisha ule ujumbe peke yake. Moshi ukaanguka kwenye hatua ya pili: hakuna aliyeweza kuingia. Msimbo haukuwa na kosa lolote. Aliyepandisha bildi kwenye seva alisahau kuweka nenosiri jipya la hifadhidata kwenye mipangilio. Bildi si mstari uliobadilika peke yake. Ni msimbo, maktaba zake, mipangilio na seva inayoubeba, na kila mara vyote hivyo hukusanywa upya.

Tungerukia ujumbe wa simu, tungeona haufiki, tukamwandikia msanidi kwamba marekebisho yake yameshindwa. Angepoteza nusu siku akitafuta kosa ambalo halipo. Mwambie bosi wako hivyo: zile dakika nne zinakuonyesha kosa liko upande gani.

Kwa hiyo moshi ni kwa kila bildi, bila kujali imebadilika kwa kiasi gani. Utimamu ni pale unapojua nini kimebadilika na mabadiliko ni madogo. Bildi ikija na mambo ishirini mapya, hapo utimamu hautoshi. Pita moshi, kisha ingia kwenye upimaji kamili.

Jaribio letu la moshi limefika dakika 40 na wasanidi hawalingojei tena. Tupunguze nini?

Ondoeni kila kipimo ambacho kikianguka bado mngeendelea kuipima bildi. Rangi ya kitufe, neno lililokosewa, ripoti ya mwaka: hivyo vina nafasi yake kwenye majaribio ya marejeo, yale yanayohakikisha kwamba vilivyokuwa vikifanya kazi bado vinafanya. Mara nyingi moshi hunenepa kwa sababu kila hitilafu iliyotoroka inaongezewa kipimo chake humohumo. Mkitumia pytest, chombo cha kukimbiza vipimo vya Python, wekeni alama ya `smoke`, yaani moshi, kwenye vipimo vichache vya njia kuu, na vikimbizwe vyenyewe mara bildi inapopanda:

```
curl -fsS "$URL/version"
pytest -m smoke -x
```

Mstari wa kwanza unaonyesha bildi iliyoko kwenye seva ni ipi, maana timu nyingi zimewahi kupima bildi ya jana zikidhani ni ya leo. Herufi `-x` inasimamisha kila kitu kipimo cha kwanza kinapoanguka. Na msiridhike na ukurasa wa afya ya seva kujibu `200`, yaani kwamba mambo ni sawa. Seva inaweza kujibu hivyo huku imekatika na hifadhidata. Lazima kipimo kimoja angalau kisome na kuandika data halisi ya majaribio.

Kipimo kinachoanguka leo na kupita kesho bila sababu kitoeni humo mpaka kitengenezwe. Kikibaki, watu watazoea kubofya "rudia" hata siku moshi ni wa kweli.

Kwenye kujiandaa na mtihani wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wapimaji programu, nimeona haya mawili yamewekwa kama kitu kimoja. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Faharasa ya ISTQB inayachukua majina hayo kama visawe, na kwenye mtihani jibu kwa faharasa yao. Tofauti niliyoieleza ni desturi ya timu nyingi kazini. Ukihamia timu mpya, waulize wao wanamaanisha nini kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba "utimamu umepita".

Utimamu nao tuuandikie hati na kuufanya wa mashine?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu kila marekebisho yana eneo lake na majirani zake. Andika mistari mitatu tu: bildi namba ngapi, kilichoguswa ni nini, umejaribu viasi gani. Ila ukikuta kosa kama lile la ujumbe wa simu, kipimo chake kiingizwe kwenye majaribio ya marejeo siku hiyohiyo. Sisi tuliandika kimoja kinacholinganisha ada iliyokatwa na ada iliyotajwa kwenye ujumbe, kwa 20,000 na kwa 50,000.