Ubao, Kipande cha Mninga na Kipimo Nilichokigawanya Vibaya

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza,

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya maabara nikiwatazama mkipima kizigeu cha msuguano tuli kwa kuinua ubao hadi kipande cha mninga kianze kuteleza, na katika saa mbili nikayaona karibu makosa yote niliyowahi kuyafanya mimi, yakirudiwa kwa utaratibu uleule na kwa kujiamini kulekule. Sikuingilia kati kwa sababu mwalimu wenu alikuwapo. Hapa hayupo, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Ubao hauinuliwi kwa mkono. Mkono hupanda kwa vishindo, na kishindo kimoja kinatosha kukitoa kipande mahali pake kabla pembe haijafika panapostahili. Ndiyo maana kundi la dirishani lilipata nyuzi 17, 21, 18 na 22 kwa kipande kilekile. Fungeni uzi kwenye ncha ya ubao, mwupitishe kwenye kapi lililoshikwa na stendi, kisha vuteni polepole, na mkikaribia kuteleza vuteni polepole zaidi. Mmoja wenu, ambaye simtaji kwa kuwa anajijua, alikuwa akigonga ubao kwa kalamu ili “kukisaidia” kipande kiondoke. Ukigonga unauvunja mshiko wa nyuso mbili zilizotulia, na pembe ambayo kipande kilichogongwa kinashuka kwa mwendo usiobadilika ni ya kizigeu cha msuguano wa mwendo, ambacho kwa mbao huwa kidogo kuliko kile tulichokitafuta. Ni jaribio zuri pia, ila si la siku ile.

2. Kimo kinagawanywa kwa kitako, hakigawanywi kwa urefu wa ubao. Hapa nina deni la kukiri.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipewa ubao wenye urefu wa sentimita 100 kutoka bawabani hadi nchani. Kipimapembe chetu kilikuwa kimefutika, nami nikaona ni werevu kupima kimo cha ncha kutoka mezani na kukigawanya kwa 100, kwa kuwa kugawanya kwa 100 hakuhitaji hata kikokotoo. Kipande kiliteleza ncha ikiwa kwenye sentimita 38, nikaandika 0.38. Nikarudia mara kumi, na mara zote kumi kimo kilikuwa kati ya sentimita 37 na 39. Nikaongeza mawe ya uzani juu ya kipande na kimo hakikubadilika, kama nadharia inavyotaka, kwa sababu uzito unajitokeza pande zote mbili za mlinganyo na kufutika. Nilifurahi kupita kiasi. Sikujua kwamba ubao ambao urefu wake haubadiliki utakupa kosa lilelile kila mara, kwa hiyo kurudia hakukufichulii chochote.

Sehemu ya pili ya zoezi ilitutaka tukivute kipande hichohicho juu ya ubao uliolazwa, kwa mizani ya springi, na kusoma kani wakati kinapoanza kuondoka. Kipande kilikuwa na uzito wa nyutoni 5.0, na wastani wa kani ulikuwa nyutoni 2.05, yaani kizigeu cha 0.41. Badala ya kujiuliza lipi kati ya majibu mawili lilikuwa na kasoro, niliamua kwamba mizani ndiyo mbovu. Fundi wa maabara akanipa nyingine, nayo ikasoma vilevile. Nikaandika kwenye ripoti, kwa mwandiko mzuri, kwamba mizani ilikuwa na kosa la sifuri la nyutoni 0.15, nikalitoa katika kila kipimo, na majibu yakakubaliana. Nasema wazi: huko kulikuwa kughushi, hata kama wakati ule nilikuita kusahihisha.

Aibu ililetwa na msasa. Tulibandika msasa juu ya ubao na kurudia sehemu zote mbili. Safari hii kipande kiliteleza ncha ikiwa kwenye sentimita 66, nikaandika 0.66, lakini mizani ikasoma nyutoni 4.4, yaani 0.88. Ili nikubaliane na ubao wangu nilihitaji kosa la sifuri la nyutoni 1.1, nami nikaliandika hilo pia. Mwalimu alisoma ripoti mbele yangu, akanyamaza, kisha akauliza: “Mwanangu, hii ni mizani ileile?” Nikaitikia kwamba ndiyo. “Basi sifuri yake imehamaje kutoka 0.15 hadi 1.1, ukiwa umebadilisha ubao tu?” Sikuwa na jibu. Akachukua timazi, akaining’iniza kutoka ncha ya ubao hadi mezani, akaweka rula kutoka hapo hadi bawabani: sentimita 75. Gawanya 66 kwa 75 upate 0.88.

Mimi nilikuwa nikipima saini ya pembe, ilhali kizigeu ni tanjenti yake, kwa sababu sehemu ya uzito inayokivuta kipande kuteremka inalinganishwa na ile inayokikandamiza ubaoni, wala si na uzito wote. Pembe ikiwa ndogo, kosa hili hujificha vizuri: kwa nyuzi 10 saini ni 0.174 na tanjenti ni 0.176. Kwenye nyuzi 22 za mninga wangu tofauti ilitosha kutiliwa shaka, na kwenye nyuzi 41 za msasa haikuwa na pa kujificha. Ndiyo maana nawahimiza mjaribu uso mmoja wenye mkwaruzo mkali. Tena kumbukeni kwamba saini haivuki 1, ilhali mpira juu ya msasa unaweza kukaa hata ubao ukipita nyuzi 45. Jibu langu la kishamba lisingeweza kamwe kulieleza hilo.

Timazi na rula, basi. Kama ni lazima mtumie kipimapembe, jueni kwamba kukosea kwa digrii moja karibu na nyuzi 22 kunalisogeza jibu kwa 0.02 hivi, kwa hiyo yule aliyeniletea 0.4142 aziache tarakimu mbili za mwisho.

3. Kuteleza na kupinduka ni mambo mawili. Kundi la mlangoni lilipanga mawe ya uzani juu ya kipande kama mnara, kikainama, wakapiga kelele “kimeanza!” Hakikuanza, kilikuwa kinaanguka. Kipande chenye kitako cha sentimita 6 kwenye upande wa mteremko, ambacho kitovu chake cha uzito kimepanda hadi sentimita 9, kinapinduka tanjenti inapofika 3 kwa 9, yaani 0.33, kabla ya kuifikia 0.41 ya kuteleza. Lazeni mawe yawe chini na myafunge kwa tepe, la sivyo yatateleza yenyewe juu ya kipande nanyi mtapima msuguano wa chuma na mninga.

4. Subirini muda uleule, tuseme sekunde 30, kati ya kukiweka kipande na kuanza kuinua, kwa kuwa Coulomb alikwisha kuona katika karne ya 18 kwamba mbao zilizotulia kwa muda mrefu zaidi hushikana zaidi. Kirudisheni kipande kwenye alama ileile, uelekeo wa nyuzi za mbao ukiwa uleule. Futeni vumbi la msasa kila baada ya jaribio.

Jumanne mnarudia. Kipande cha mninga kiko kwenye droo ya pili, kimefungwa karatasi. Kishikeni kwa kingo, maana upande wa chini nimeupiga msasa upya na sitaki mafuta ya vidole vyenu.