Kwa nini radi inaharibu AM kuliko FM

"Hapa Goma mvua ikianza na radi, AM inakwaruza lakini FM inabaki safi. Sababu ni nini, na kwa nini vituo vyote visihamie FM?"

Ndugu, radi hupandisha nguvu ya wimbi ghafla. AM hubeba sauti katika nguvu hiyohiyo, basi redio haiwezi kuzitenganisha. FM hubeba sauti katika kusogea kwa masafa, kwa hiyo redio hukata kwanza vilele vya wimbi, na kelele nyingi huishia hapo. Mtikisiko wa masafa unaobaki ni mdogo mbele ya msogeo wa kituo, 75 kHz kila upande.

Gharama yake ni nafasi. Kwa sauti ya hadi 15 kHz, upana wa kila kituo, ule wa FM ukikadiriwa kwa kanuni ya Carson, ni:

```
FM: 2 × (75 + 15) = 180 kHz
AM: 2 × 15 = 30 kHz
```

Bendi ya AM ya mawimbi ya kati, 526 hadi 1606 kHz, ingejaa kwa vituo sita tu vya FM. Ndiyo maana FM iko juu, 87.5 hadi 108 MHz.

Tena upana huo huingiza kelele zaidi. Nyuma ya mlima, wimbi likikaribia kuwa mara 10 tu ya nguvu ya kelele, utasikia mipasuko mifupimifupi, kisha sauti inazama haraka. Hapo inua antena. Kuongeza sauti hakusaidii.